Uzi: Mstari wa shairi huru ukatwe wapi ili mkato wenyewe useme kitu?

MwanaTanga (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salaam. Nimeandika shairi huru fupi kuhusu mzee aliyeacha uvuvi, na msomaji ninayemwamini amenirudishia akisema kwamba ni nathari iliyopangwa kwa kwenda chini. Hakulalamikia maneno, alilalamikia mikato. Shairi lenyewe ni hili:

Baba aliuza mashua mwezi wa tatu.
Sasa jioni hukaa barazani
akipiga hesabu za mawimbi.
Mama humletea chai.
Hainywi mpaka ipoe.
Nikimwuliza kama ameisahau bahari
husema hapana,
ni jina la upepo tu lililomtoka.

Nimekata kila mstari mahali ambapo maana inatulia, kwa sababu niliona hapo ndipo pa haki. Sasa naambiwa kwamba hapo ndipo penye udhaifu. Naomba anayejua anioneshe, kwa kutumia mistari hii hii, mahali ambapo mkato ungeongeza kitu na namna ya kutambua kwamba umeongeza.

Pumzi Moja

Ndugu MwanaTanga, jambo hili halihitaji falsafa ndefu. Soma shairi lako kwa sauti, na mahali unapovuta pumzi ndipo ukate. Mwandishi wa shairi huru hana mizani ya kumwongoza, kwa hiyo mwili wake ndio unaoshika nafasi ya mizani. Mistari yako inapumua vizuri, na mimi nisingeigusa hata mmoja.

Chombo cha Kale

Nawasalimu nyote. Mimi ni wa vina na mizani, na sijabadilika tangu mjadala wa masivina, yaani mashairi yasiyofuata vina, ulipopamba moto baada ya diwani ya Kezilahabi, *Kichomi*, kutoka mwaka 1974. Kwa kanuni nilizofundishwa, alichoandika kijana huyu si shairi, lakini hilo tuliache kwa leo kwa kuwa swali lake ni la haki hata kwetu sisi. Ninachotaka kusema ni kwamba hoja ya pumzi haitoshi. Katika utenzi, kila kipande kina mizani minane, na sentensi mara nyingi huvuka kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kutua. Msomaji husikia kina kikimwambia atue huku maana ikimwambia aendelee, na katika kuvutana huko ndimo utamu ulimo. Mkikata pale tu maana inapotua, mnakuwa mmetupa kina, mkatupa mizani, na mvutano nao mkautupa. Mmebakiwa na nini?

Mhariri wa Usiku

Mzee wangu Chombo cha Kale amelitaja jambo lenyewe, nami nitaanzia hapo alipoachia.

Katika shairi huru kuna vitu viwili vinavyokwenda pamoja, yaani sentensi na mstari. Vikianza pamoja na kuisha pamoja kila mara, mstari hauna kazi yoyote ambayo nukta haijaifanya, na hilo ndilo lililomsumbua msomaji wako, MwanaTanga. Mistari yako karibu yote inajitosheleza. Ukiiandika kwa upana wa ukurasa kama aya ya kawaida, hakuna kitakachopotea, na hicho ni kipimo cha kwanza ambacho unaweza kukitumia ukiwa peke yako: andika shairi lako kama aya, lisome, kisha ujiulize umepoteza nini.

Kipimo cha pili kinachukua muda zaidi, lakini ndicho ninachokitumia kazini. Chukua karatasi, funika shairi lote isipokuwa mstari wa kwanza, kisha ushushe karatasi mstari mmoja mmoja. Kila unapofika mwisho wa mstari, simama ujiulize: msomaji anaamini nini sasa hivi, kabla hajaona kinachofuata? Kisha funua. Ikiwa alichoamini kimebadilika, mkato umefanya kazi. Halafu linakuja swali gumu zaidi, nalo ni kama lile aliloliamini kwa sekunde moja lina mahali ndani ya shairi, au ni mtego uliotegwa kwa ajili ya mtego.

Tuchukue mistari yako miwili ya katikati. Mimi ningeiandika hivi:

Mama humletea chai. Hainywi
mpaka ipoe.

Msomaji anapofika kwenye «Hainywi», haoni kwamba kuna kitu kinaning'inia. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, kwa hiyo «Hainywi» ni sentensi kamili. Msomaji anaipokea kama ilivyo: mke ameleta chai, mume ameikataa. Kisha mstari unaofuata unamwambia kwamba haikukataliwa, imecheleweshwa tu. Hata hivyo, kule kukataa kumeshasikika na hakufutiki tena. Katika shairi la mtu aliyejitenga na kila kitu kilichokuwa chake, kivuli hicho ni cha kweli. Tazama pia kwamba sasa tendo la mama na jibu la baba vimekaa katika mstari mmoja, wakati mwanzoni kila kimoja kilikuwa na mstari wake na havikugusana.

MwanaTanga

Bi Mhariri, ahsante sana, hapo nimeelewa. Nimerudi kwenye shairi nikajaribu kulifungua lote kwa njia hiyo, na nimepata mwanzo huu:

Baba
aliuza
mashua mwezi wa
tatu.
Sasa jioni hukaa
barazani akipiga
hesabu za mawimbi.

Naona kila mstari sasa unamfanya msomaji asubiri. Je, niendelee hivi mpaka mwisho?

Mhariri wa Usiku

La, ndugu yangu, usiendelee. Kusubiri peke yake si mvutano. Tazama mkato wako baada ya «mwezi wa». Msomaji anajua kwamba kuna neno linakuja, na tena anajua ni neno la aina gani, maana baada ya «mwezi wa» hakuna kinachoweza kufuata ila mwezi fulani. Umemsimamisha mlangoni ili umpe tarehe. Kiunganishi kama «wa», «ya», «cha» au «na» kikiachwa mwishoni mwa mstari, mara nyingi huleta hali hii: msomaji anahisi kigugumizi cha sarufi, lakini hana lolote la kuamini katika nafasi ile. «Hainywi» ilifanya kazi kwa sababu msomaji alidhani amefika. Hapa anajua fika kwamba hajafika.

Nisieleweke kwamba nakataza. Kigugumizi kinaweza kuwa ndicho unachokihitaji, kama anayesema katika shairi anashindwa kutamka jambo. Mtu anayesema «nilimkuta na», kisha mstari ukakatika, anaweza kuwa anaogopa kumtaja aliyemkuta naye. Mwezi wa tatu, hata hivyo, haumtishi mtu.

Tatizo jingine ni la wingi. Ukikata baada ya kila neno, mkato unakuwa ndiyo kawaida ya shairi na msomaji anaacha kuusikia. «Hainywi» inahitaji mistari mitatu au minne iliyotulia kabla yake, ambayo inamzoesha msomaji kwamba mwisho wa mstari ni mwisho wa jambo. Kwa hiyo ile mistari yako mitatu ya kwanza, ambayo ulidhani ni dhaifu, ningeiacha kama ulivyoiandika mwanzoni. Inajenga imani ambayo baadaye utaivunja.

Kidato cha Nne

Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuingilia. Mwalimu wetu anasema mistari isiyokamilika kimaana inaitwa mishata na ile inayojitosheleza inaitwa mistari kifu. Swali langu ni hili: katika mtihani, nikisema shairi lina mishata, ni lazima nihesabu mishata yote, au mfano mmoja unatosha?

Mhariri wa Usiku

Marahaba, mwanangu. Idadi ya mifano muulize mwalimu wako, kwa sababu yeye ndiye anayejua utaratibu wa kusahihisha. Ila majina hayo uliyoyaleta yanatufaa hapa. Ukishauonesha mshata, ongeza sentensi moja inayoeleza kile ambacho msomaji alikidhani kabla ya kuvuka kwenda mstari wa pili. Utakuwa umesema jambo ambalo jina la istilahi peke yake halilisemi.

Pumzi Moja

Bado sijashawishika. Mnazungumzia karatasi, wakati ushairi wa Kiswahili ni wa sauti. Nikisoma «Mama humletea chai. Hainywi mpaka ipoe» mbele ya watu, nitatua baada ya «chai» kwa sababu pana nukta, kisha nitasema «hainywi mpaka ipoe» kwa pumzi moja, kama binadamu yeyote. Mkato wako hautasikika. Sasa umemsaidia nani?

Nuru ya Jukwaani

Mimi husoma mashairi jukwaani, na Pumzi Moja amesema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba mkato wa namna hii haupaswi kusomwa kama nukta. Msomaji akishusha sauti kwenye «hainywi» kisha akaanza upya na «mpaka ipoe», ameua sentensi nzima. Ninachofanya mimi ni kuiacha sauti ya «hainywi» ikae juu bila kuishusha, ninachelewa kidogo tu, kisha naendelea. Hadhira haijui kwamba pana mkato, lakini inasikia shaka. Kwa hiyo pumzi na mkato si kitu kimoja, maana mkato unaweza kuwepo bila pumzi kuvutwa.

Nina shida yangu ambayo hamjaigusa. Niliweka shairi langu kwenye kundi letu la ushairi la simu, na mistari yangu mirefu ikajikunja yenyewe kwa sababu ya wembamba wa kioo. Wasomaji wawili walinisifia mkato ambao sikuuweka mimi. Tangu siku hiyo najiuliza kama mjadala huu wa mahali pa kukata una maana yoyote kwa msomaji wa simu.

Mhariri wa Usiku

Dada Nuru, una maana kubwa tu, ila inabidi ufanye moja kati ya mawili. Ama uandike mistari mifupi kiasi kwamba hata simu ndogo haiikunji, ama, kama mstari mrefu ni wa lazima, ulitume shairi kama picha. Vitabuni tuna desturi ya kuusogeza ndani ule mwendelezo wa mstari uliozidi ukurasa, ili msomaji ajue kwamba mkunjo ni wa mpiga chapa wala si wa mshairi. Simu haina adabu hiyo.

Hilo linanirudisha kwa MwanaTanga, kwa sababu kuna mkato mmoja katika shairi lake ambao naona ni bora kuliko ule wa chai, na urefu wa mstari unauhusu. Ni huu:

Nikimwuliza kama ameisahau
bahari, husema

Tazameni ile «i» iliyo ndani ya «ameisahau». Msomaji anapofika mwisho wa mstari, kiambishi kinamwambia kwamba kilichosahauliwa ni kitu cha ngeli ambayo umoja wake unachukua «i», lakini hakimwambii ni kipi. Katika shairi hili vimeshatajwa vitu viwili vya ngeli hiyo, mashua na chai. Chai ndiyo iliyo karibu zaidi, na ndiyo kwanza imepoa. Kwa hiyo kwa muda mfupi mtoto anaonekana kama anamwuliza baba yake kama amesahau kikombe mbele yake, swali la nyumbani kabisa, ambalo mtu yeyote angeweza kumwuliza mzee aliyezama katika mawazo. Wengine watawaza mashua. Kisha inakuja «bahari», nayo ni ya ngeli hiyo hiyo, na swali linapanuka ghafla bila silabi moja ya kitenzi kubadilika. Chai, mashua na bahari zimepita zote katika kiambishi kimoja. Kama baba angeletewa maji, kitenzi kingesema «ameyasahau» au «ameisahau» waziwazi, na mlango huo usingekuwepo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayeandika kwa lugha hii ni kwamba, kabla ya kuamua mahali pa kukata, atazame kiambishi cha mtendwa kinaweza kurejelea vitu vingapi vilivyokwisha kutajwa. Kikirejelea kimoja tu, mkato baada ya kitenzi utaongeza kuchelewa. Kikirejelea viwili au vitatu, na vyote vina uzito katika shairi, hapo pana mali.

Chombo cha Kale

Hilo la ngeli limenifurahisha, nakiri. Nami nitaongeza dogo: huo mwezi wa tatu mnaoudharau unaangukia mwishoni mwa kaskazi, pepo zinapokaribia kugeuka. Mzee ambaye jina la upepo limemtoka aliuza chombo wakati ule ule ambao baharia hana budi kujua upepo gani unavuma. Sijui kama kijana alikusudia, lakini mwezi usiondolewe.

MwanaTanga

Shikamoo mzee wangu. Nilikusudia, na nimefarijika kwamba kuna aliyeliona. Ninalo swali moja limebaki, kuhusu «akipiga». Niliukata pale katika jaribio la pili, na Bi Mhariri hakuusema wazi. Kwa kipimo chake cha karatasi, naona unafaa: msomaji anasoma «barazani akipiga», anajiuliza anampiga nani, kisha anakuta ni hesabu za mawimbi. Alichoamini kimebadilika.

Mhariri wa Usiku

Kimebadilika, lakini kumbuka swali la pili. «Piga» ni kitenzi chenye hatari ya pekee, kwa sababu tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga magoti, na kila mara ukikata baada yake msomaji anasikia kofi kwanza. «Kula» nacho ni vivyo hivyo, maana mtu anakula chakula, anakula kiapo, anakula njama, na «kata» inakata kamba, inakata shauri, inakata tamaa. Mikato ya aina hii ni rahisi mno kuipata, na ndiyo sababu naiogopa.

Ukikata baada ya «akipiga», unamwahidi msomaji kipigo. Katika shairi lako sioni mkono ulioinuliwa popote. Mama analeta chai bila woga, mtoto anauliza bila woga. Kwa hiyo msomaji akishavuka na kukuta hesabu, ile picha ya kipigo inabaki bila makao, na atakachohisi ni kwamba umemchezea. Linganisha na «Hainywi»: kukataa kule kuna makao, kwa sababu mzee huyu kweli anakataa vitu.

Nuru ya Jukwaani

Hapo mimi na Bi Mhariri tunaachana. Mzee aliyepoteza kazi yake anaweza kuwa na ukali ambao shairi haliusemi, na mkato baada ya «akipiga» ungekuwa mahali pekee ambapo ukali huo unachungulia. Chai inayoachwa ipoe mbele ya mke aliyeileta si jambo la upole. Mimi ningekata, na jukwaani ningeuvuta mkato huo kuliko mwingine wowote.

Pumzi Moja

Na mimi ninauliza: kama kiambishi kina nguvu hivyo, kwa nini msikate ndani ya neno lenyewe? «Ha» kwenye mstari mmoja, «inywi» kwenye mstari wa pili. Ukanushi ungebaki peke yake.

Mhariri wa Usiku

Nimeona wanaofanya hivyo, na sijapata bado mfano ulionishawishi. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika «hainywi» mkazo uko kwenye «i». Ukiitenga «ha», msomaji hana mahali pa kuweka mkazo ila juu yake, na ikishakazwa haisikiki tena kama ukanushi. Inasikika kama mshangao au kicheko. Labda katika shairi la kejeli. Kwa hapa, hapana.

Kuhusu «akipiga», Dada Nuru, hoja yako ina uzito kuliko nilivyotarajia, hasa hilo la chai. Ila naona ukali huo ungehitaji neno jingine moja popote katika shairi ili upate pa kushika, na anayejua kama neno hilo lipo katika nyumba hiyo ni MwanaTanga.

MwanaTanga

Kwa sasa nimefika hapa. «Akipiga» nimeiacha ilivyokuwa, kwa sababu mzee huyu hakuwahi kuwa mkali.

Baba aliuza mashua mwezi wa tatu.
Sasa jioni hukaa barazani
akipiga hesabu za mawimbi.
Mama humletea chai. Hainywi
mpaka ipoe.
Nikimwuliza kama ameisahau
bahari, husema
hapana, ni jina la upepo tu
lililomtoka.

Mkato baada ya «husema» niliuweka ili mtoto asubiri jibu kidogo. Sina hakika na ule wa mwisho. Nilifikiri «ni jina la upepo tu» ikisimama peke yake inasikika kama mzee anaidharau hasara yake, kisha «lililomtoka» inairudisha.

Chombo cha Kale

Mkato wa mwisho uache. Wa «husema» unaweza kuufuta, maana baada ya neno hilo kila mtu anajua kwamba jibu linakuja, na Bi Mhariri alikwisha kutuonya kuhusu milango ya namna hiyo.

Mhariri wa Usiku

Mzee ananitumia fimbo yangu mwenyewe. Hata hivyo hapa natofautiana naye, kwa sababu ukiufuta, «hapana» itapanda juu ikae katika mstari mmoja na «bahari», na msomaji ataisoma «bahari, husema hapana» kabla ya kujua ni hapana ya nini. Huenda hilo ni zuri zaidi. MwanaTanga, andika namna zote mbili, uzifunike kwa karatasi, kisha utuletee hapa ile utakayoichagua.